A5 ni kundi simpo: nimekwama pale pa kupata mzunguko wa 3 ndani ya N

nyota_ya_jioni

Wakuu habari zenu. Nina uthibitisho wa kwamba A5 ni kundi simpo, ule wa kupitia mizunguko ya herufi 3, mifupa yake nadhani nimeishika ila katikati panavuja. Nilivyoelewa mimi, unachukua N ambalo ni kundi dogo nomali ndani ya A5 na sio identiti peke yake, unaonyesha lazima N liwe na mzunguko wa 3 hata mmoja tu, ukishaupata huo mmoja unaipata na mingine yote, halafu kwa kuwa mizunguko ya 3 ndo inajenga A5 nzima basi N ni A5 yenyewe, kwisha habari.

Sasa hapo pa kwanza ndo sipiti. Nimeanza na x = (1 2)(3 4) kwamba imo ndani ya N, nikaikonjugeti kwa g = (1 2 3), nikapata (2 3)(1 4), nikazidisha na x nikapata (1 3)(2 4). Bado ni jozi mbili. Nikaichukua hiyo (1 3)(2 4) nikaifanyia vilevile nikapata (1 4)(2 3). Nikaendelea, nikarudi (1 2)(3 4). Yani nazunguka kwenye hizohizo tatu, mzunguko wa 3 siuoni. Nazidisha kutoka kulia kwenda kushoto, ya kulia inafanya kazi kwanza. Nimekwama wapi?

Mdadisi_Mkuu

Hiyo mbona ilishamalizwa zamani, Abel alionyesha mwaka 1824 kwamba equation ya digrii ya 5 haina fomula ya jumla ya vipeuo, sasa kama fomula haipo maana yake kundi lake haligawanyiki, ndo hiyo A5 yako. Anzia hapo utaelewa.

nyota_ya_jioni

Asante mkuu lakini hiyo ni kazi inayokuja mbele, na nijuavyo wanatumia A5 kuelezea equation, sio equation kuelezea A5. Mimi nipo nyuma huku kwenye kuzidisha tu.

Mzee_Kipeuo

Mwanangu hesabu zako zote ziko sawa, hakuna hata mstari ulioharibika. Kilichotokea ni kwamba herufi ya 5 hujaigusa popote. x haigusi 5, g yako haigusi 5, kwa hiyo chochote utakachopika kwa hizo mbili kitabaki ndani ya A4 ya herufi 1, 2, 3, 4. Na mle ndani ya A4 zile jozi mbili tatu ulizozipata, pamoja na identiti, ni kundi dogo nomali kamili la elementi nne. Ukiingia humo kwa konjugeti za A4 hutoki, uzidishe mpaka kesho. Wewe bila kujua umeonyesha kwa nini A4 sio simpo, ambayo nayo ni matokeo halali kabisa, ila sio uliyotumwa.

Sasa mruhusu 5 aingie. Chukua g = (1 2 5). Kukonjugeti ni kubandika majina mapya tu: palipo na 1 andika 2, palipo na 2 andika 5, palipo na 5 andika 1. Basi x = (1 2)(3 4) inageuka (2 5)(3 4). Ona kwamba (3 4) imebaki kama ilivyo kwa sababu g haimgusi 3 wala 4, na hiyo ndo siri yenyewe. Ukizidisha x na hii mpya unapata

```
(1 2)(3 4) (2 5)(3 4) = (1 2)(2 5) = (1 2 5)
```

zile (3 4) mbili zinafutana kwa sababu haziingiliani na (2 5), inabaki jozi mbili zenye herufi moja ya pamoja, na hizo siku zote zinatoa mzunguko wa 3. Fuatilia mwenyewe: 1 kwa (2 5) hasogei, kwa (1 2) anakwenda 2. Kisha 2 anakwenda 5 na kubaki hapo. Kisha 5 anakwenda 2 halafu 1. Na yote haya yamo ndani ya N, maana x imo, konjugeti yake imo kwa sababu N ni nomali, na zao la mbili zilizomo nalo limo.

Kwa hiyo unapochagua g usichague tu ilimradi, jiulize itaacha nini kama kilivyo. Unataka sehemu kubwa ya x isiguswe ili ijifute yenyewe.

nyota_ya_jioni

Shikamoo mzee. Aisee nilikuwa nachagua g kwa sababu (1 2 3) ndo inakuja kichwani kwanza 😅 sikuwahi kuwaza kwamba kuna cha kuchagua. Hii imekaa. Sasa nageukia mizunguko ya 5.

hesabu_chap

Watu mnajitesa bure. Njia ya haraka ni kuhesabu. A5 ina elementi 60, gawanya kwa aina: identiti 1, mizunguko ya 3 ipo 20, jozi mbili zipo 15, mizunguko ya 5 ipo 24, jumla 60. Kundi dogo nomali lazima libebe aina nzima nzima, haliwezi kuchukua nusu. Sasa anza na 1 ya identiti ujumlishe uonavyo: 1+15 ni 16, 1+20 ni 21, 1+24 ni 25, 1+15+20 ni 36, 1+15+24 ni 40, 1+20+24 ni 45. Hakuna inayogawanya 60. Imeisha, dakika mbili, hakuna cha g wala nini.

kalamu_mbili

Hii nzuri kweli, mbona hawatufundishi hivi

Mzee_Kipeuo

hesabu_chap umefika kunakofikika lakini umeruka daraja moja. Umesema nomali inabeba aina nzima nzima. Kwenye S5 ni sawa, aina moja ni klasi moja. Kwenye A5 hatukonjugeti kwa kila kitu, tunakonjugeti kwa shufwa tu, na hapo aina moja inaweza kupasuka ikawa klasi mbili. Na mizunguko ya 5 imepasuka kweli, utajua bila hesabu ndefu: ukubwa wa klasi lazima ugawanye 60, na 24 haigawanyi 60. Zimekuwa 12 na 12. Chukua (1 2 3 4 5) na mraba wake (1 3 5 2 4). Ili kumpeleka wa kwanza kwa wa pili unamwacha 1 alipo, 2 awe 3, 3 awe 5, 4 awe 2, 5 awe 4, na hiyo ni (2 3 5 4) ambayo ni witiri. Ukijaribu njia nyingine zote za kumpeleka huko, ziko nne, zote witiri. Hao wawili ndani ya A5 hawafahamiani.

Kwa hiyo kwenye hesabu yako kuna jumla nne hujazikagua: 13, 28, 33 na 48. Bahati nzuri nazo hakuna inayogawanya 60, ndo maana jibu lako limesimama.

hesabu_chap

Sasa si umeona mwenyewe jibu limesimama, ongeza hizo nne na bado ni fupi kuliko yenu.

Mzee_Kipeuo

Ni fupi ukishajua kwamba 20 ni klasi moja na 15 ni klasi moja. Ulijuaje kwamba ile 20 nayo haijapasuka ikawa 10 na 10? Inagawanya 60 vizuri tu, haikupi onyo lolote. Kwenye A4 mizunguko ya 3 ipo 8 na imepasuka 4 na 4. Kuthibitisha kwamba kwenye A5 haijapasuka utarudi kwenye kazi ileile ya nyota_ya_jioni.

hesabu_chap

Ila bado ni fupi

kalamu_mbili

Mi naomba nirudi kwenye mzunguko wa 5 maana nimeufanya. Nimechukua x = (1 2 3 4 5) na g = (1 2 3), nikatafuta g x g⁻¹ x⁻¹. Rafiki yangu anasema ni (1 2 4), mi napata (2 3 5). Tumebishana sana, nani yuko sahihi? Mi nasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama maandishi ya kawaida.

Mzee_Kipeuo

Wote. Anayesoma kulia kwenda kushoto anapata (1 2 4), anayesoma kushoto kwenda kulia anapata (2 3 5), na kwa kazi hii haijalishi kwa sababu tunachotafuta ni mzunguko wowote wa 3, sio huyu au yule. Hakikisheni tu kila mtu anashika upande wake mwanzo mpaka mwisho, maana ile kanuni ya kubandika majina mapya niliyoandika juu ni ya wanaosoma kulia kwenda kushoto. Ukisoma kwa upande wako, g x g⁻¹ inabandika majina ya g⁻¹, sio ya g. Wengi wanachanganya hapo halafu wanailaumu hesabu.

Nakuandikia ya upande wa rafiki yako ili nyota_ya_jioni naye afuate. x inabandikwa majina ya g, 1 awe 2, 2 awe 3, 3 awe 1, inakuwa (2 3 1 4 5). Kisha tunatanguliza x⁻¹, yani kila mtu anarudi nyuma hatua moja, halafu ndo tunapitisha (2 3 1 4 5). 1 anarudi 5, na 5 anakwenda 2. 2 anarudi 1, na 1 anakwenda 4. 4 anarudi 3, na 3 anakwenda 1. Mzunguko umefunga, (1 2 4). Waliobaki ni 3 na 5: 3 anarudi 2 kisha anakwenda 3, 5 anarudi 4 kisha anakwenda 5, wametulia wote wawili.

nyota_ya_jioni

Mzee mi nilishajaribu kabla sijasoma hapa, nikasema nisirudie uvivu wa kuchukua (1 2 3), nikachukua g = (1 2 4). Nimepata (1 2 5 3 4). Mzunguko wa 5 tena! Nimekagua na nimekagua, ni huo. Kwenye jozi mbili (1 2 3) ilikuwa mbaya, huku ndo inakuwa nzuri?? Nitajuaje sasa, au ni kubahatisha?

Mzee_Kipeuo

Swali zuri kuliko lile la mwanzo. Sio kubahatisha. Badilisha mabano tu, g x g⁻¹ x⁻¹ isome kama g ikizidishwa na (x g⁻¹ x⁻¹). Kile cha kwenye mabano ni konjugeti ya g⁻¹ kwa x, na x kazi yake ni kumsogeza kila mtu hatua moja mbele. Kwa hiyo una mizunguko miwili ya 3: wa kwanza g, wa pili ni g iliyogeuzwa na kusogezwa hatua moja.

Ukichukua g = (1 2 3), herufi zake ni 1, 2, 3 na za mwenzake ni 2, 3, 4. Wana herufi mbili za pamoja. Jumla ya herufi zinazoguswa ni nne tu, 5 hayupo kabisa, hivyo mzunguko wa 5 hauwezi kutokea. Ukichukua g = (1 2 4), mwenzake ana 2, 3, 5. Herufi ya pamoja ni 2 peke yake, na mizunguko miwili ya 3 yenye herufi moja ya pamoja ikizidishwa inatoa mzunguko wa 5 siku zote. Ndo ulichokiona.

Kwa hiyo chukua herufi tatu zinazofuatana ndani ya x. Au kama unaipenda hiyo (1 2 4) yako, weka x² mahali pa x, nayo imo ndani ya N. x² inasogeza hatua mbili, kwa hiyo 1, 2, 4 wanakuwa 3, 4, 1, na hapo 1 na 4 ni wa pamoja, mambo yanakaa sawa.

Angalizo moja dogo: kuwa na herufi mbili za pamoja peke yake hakutoshi, uelekeo nao una neno. (1 2 3)(2 4 3) inatoa (1 2 4), lakini (1 2 3)(2 3 4) inatoa (1 2)(3 4). Huku kwetu kugeuzwa kwa g ndo kunatuokoa. Na hata ungeangukia jozi mbili usingelia, ungerudi kwenye ile kesi ya kwanza uliyokwisha kuimaliza.

kona_nane

Samahani naingilia, mi hesabu za chuo sijasoma ila nacheza mchemraba wa Rubik muda mrefu. Hii g x g⁻¹ x⁻¹ mbona ndo tunayoitumia kila siku kuzungusha kona tatu bila kuharibu zingine! Fanya A, fanya B, rudisha A, rudisha B. Ila sisi kanuni yetu ni kwamba A na B zigusane kwenye kipande KIMOJA tu, hapo ndo vinazunguka vitatu safi. Mzee hapa anasema wakigusana kimoja inaharibika inakuwa tano. Sasa nimechanganyikiwa, nani kamdanganya mwenzie?

Mzee_Kipeuo

Karibu sana, na kanuni yenu ni sahihi, ni hata theorem ndogo nzuri. Tofauti ni hii: mimi nilikuwa nazungumzia zao la mizunguko miwili, nyie mnazungumzia komyuteta yao. Tazama A = (1 2 3) na B = (3 4 5), zinagusana kwenye 3 tu. Ukizizidisha tu, AB ni (1 2 3 4 5). Lakini A B A⁻¹ B⁻¹ ni hivi: A B A⁻¹ ni B iliyobandikwa majina ya A, 3 amekuwa 1, kwa hiyo ni (1 4 5). Zidisha na B⁻¹ ambayo ni (3 5 4), unapata (1 4 3). Mzunguko wa 3, kama mnavyosema.

nyota_ya_jioni

Basi si nitumie hiyo ya mchemraba kwenye kila kesi? Natafuta tu g inayogusana na x kwa herufi moja.

Mzee_Kipeuo

Utaitafuta sana. Mzunguko wa 5 unagusa herufi zote tano, hakuna g yoyote itakayogusana nao kwa moja tu. Na (1 2)(3 4) inagusa nne, nje yupo 5 peke yake, kwa hiyo g ingebaki na herufi mbili tu, moja ya ndani na 5, hiyo ni jozi moja na jozi moja ni witiri, haimo ndani ya A5. Mchemraba una nafasi nyingi za kucheza, herufi tano hazina. Ndo maana hapa tunalazimika kuchagua kwa jicho.

kona_nane

Aah nimeipata. Nyie mnacheza kwenye chumba kidogo.

Mdadisi_Mkuu

Swali. Kwa hiyo kundi lolote la elementi 60 ni simpo? Maana hesabu_chap katumia namba tu.

hesabu_chap

Hapana bhana, nimetumia klasi. Lile la kuzunguka saa, namba 0 mpaka 59 unajumlisha, lina 60 na limejaa makundi madogo nomali kibao.

Mzee_Kipeuo

Hapo hesabu_chap yuko sawa kabisa. Na kwa kuwa Mdadisi unapenda historia: Galois kwenye barua yake ya Mei 1832, siku moja kabla ya kupigwa risasi, aliandika kwamba kundi lisilogawanyika ambalo idadi yake sio namba tasa haliwezi kuwa na chini ya 5·4·3. Ndo hizi 60.

Nyota, kuna sehemu umeipita mbio kwenye swali lako la mwanzo na mtahini anaweza kukukamata hapo. Umesema "ukishaupata huo mmoja unaipata na mingine yote". Unaipataje?

nyota_ya_jioni

Si kwa konjugeti? Mizunguko ya 3 yote ina umbo moja, nabandika majina tu, (1 2 3) naipeleka popote.

Mzee_Kipeuo

Nipelekee (1 2 3) iwe (1 3 2). Bandika majina halafu niambie umetumia nini.

nyota_ya_jioni

1 abaki, 2 awe 3, 3 awe 2. Nimetumia (2 3)... ambayo ni witiri. Oooh. Haimo A5, kwa hiyo N halina wajibu wa kuiheshimu.

Mzee_Kipeuo

Umeona. N ni nomali ndani ya A5, halijaahidi chochote kwa witiri. Sasa angalia nani hajaguswa: 4 na 5. (1 2 3) na (1 3 2) zote hazijali 4 na 5 wanafanya nini. Basi ongezea jozi yao, tumia (2 3)(4 5). Hiyo ni shufwa, na kwa 1, 2, 3 inafanya kazi ileile, (1 2 3) inakuwa (1 3 2). Hivyo ndivyo kwa mizunguko yote ya 3: bandika majina unavyotaka, ikitokea shufwa vizuri, ikitokea witiri tanguliza jozi ya zile herufi mbili zilizobaki nje ya mzunguko unaoanzia nao. Daima ziko mbili kwa sababu 5 toa 3 ni 2.

Kwenye A4 nje anabaki mmoja tu, jozi haipatikani, ndo maana zile 8 zimepasuka. Na ndo daraja nililomwambia hesabu_chap.

kalamu_mbili

Kwa hiyo A5 inaokolewa na herufi ya ziada mara mbili, kwenye jozi mbili na huku kwenye majina.

Mzee_Kipeuo

Ndiyo, ni huyohuyo 5 anayefanya kazi zote mbili.

Sehemu ya mwisho ni nyepesi sitaikawiza. Kila shufwa ni zao la jozi zilizo idadi shufwa, zishike mbilimbili. Mbili zenye herufi ya pamoja zinatoa mzunguko wa 3, au identiti kama ni jozi ileile. Mbili zisizogusana, kama (1 2)(3 4), nimeshakuandikia juu bila kusema: ni (1 2 3)(2 3 4). Kwa hiyo chochote kilicho ndani ya A5 kinajengwa na mizunguko ya 3, na N linayo yote.

nyota_ya_jioni

Mzee nashukuru mno. Ngoja nikajaribu A6 kwa mwendo huuhuu, naona nje zinabaki herufi nyingi zaidi kwa hiyo majina hayana shida. Ila sasa kuna aina mpya, (1 2 3)(4 5 6) na (1 2 3 4)(5 6).

kalamu_mbili

Ya pili mbona inajifia yenyewe, ipandishe mraba. (5 6) inapotea na (1 2 3 4) inakuwa (1 3)(2 4). Jozi mbili, 5 yupo nje anasubiri, tunarudi kule juu.

nyota_ya_jioni

Eeh kweli! Ya kwanza nimejaribu g = (1 2 4), safari hii nimemchagua 4 makusudi ili mizunguko miwili ichanganyike. Nimepata g x g⁻¹ = (2 4 3)(1 5 6), nikazidisha na x⁻¹ ikawa (1 2 5 3 4), 6 katulia. Mzunguko wa 5! Ambao tayari tunao. Kwa hiyo A6 imekwisha?

Mzee_Kipeuo

Imekwisha, aina zilizobaki ni zilezile za A5.

hesabu_chap

A6 kwa klasi ni elementi 360, nitawaletea jumla zote hapa mtaona ni ipi fupi.

kona_nane

Mi nina swali la mchemraba tena, una kona 8. Je kama x inabadilisha nane zote mbilimbili, (1 2)(3 4)(5 6)(7 8), hakuna anayebaki nje hata mmoja. Hapo hamna wa kuokoa?

nyota_ya_jioni

Ngoja. Nimechukua ile g yangu mbaya ya mwanzo, (1 2 3). Inatoa (2 3)(1 4)(5 6)(7 8), nikizidisha na x zile (5 6) na (7 8) zinafutana, inabaki (1 3)(2 4). Na sasa 5, 6, 7, 8 wote wako nje.

Mzee_Kipeuo

Sawasawa. Endelea na (1 2)(3 4)(5 6 7) ukipata nafasi, hiyo nakuachia.

hesabu_chap

Hiyo imo kwenye A7, elementi 2520. Nipeni muda.